Shilingi 2,160 Zilizozidi Kwenye Rimu

Tuchukue mfano. Shule ya bweni imeagiza rimu 240 za karatasi za A4. Kotesheni ya muuzaji ilitaja shilingi 12,000 kwa rimu, na chini yake ikaandikwa wazi kwamba kodi imo. Mzigo ukafika, mtunza stoo akahesabu na kusaini. Ankara ilipoletwa, rimu ile ile ilikuwa shilingi 14,160.

Wengi hapo hukimbilia simu, na sauti hupanda. Afisa ununuzi wa shule hii alichukua kikokotoo kwanza, akagawanya 14,160 kwa 12,000. Jibu lilikuwa 1.18 kamili. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo karibu hakuna shaka kilichotokea: aliyeandaa ankara aliichukua bei yenye kodi akaitoza kodi tena. Jibu lingekuwa 5, angeshuku kwamba bei ya katoni ya rimu tano imeandikwa kama ya rimu moja. Namba isiyolingana na chochote ingemrudisha kwenye tarehe ya kotesheni, aone kama muda wake ulikuwa umekwisha kabla ya oda kutoka.

Ndipo akaandika.

“Yah: Tofauti ya bei ya rimu katika ankara yenu.” Aya ya kwanza ilitaja namba na tarehe za hati nne: kotesheni, oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Mhasibu wa muuzaji huenda hajawahi kuiona kotesheni, maana iliandikwa na mtu wa mauzo. Bila namba hizo angeanza kuulizana na wenzake, na siku zingepita. Aya ya pili ilikuwa hesabu tupu: 2,160 mara 240 ni shilingi 518,400, ankara inasomeka 3,398,400 badala ya 2,880,000. Kisha sentensi moja: “Inaelekea kodi imeongezwa juu ya bei ambayo tayari ilikuwa na kodi.” Hilo “inaelekea” lina kazi. Linampa muuzaji nafasi ya kusahihisha bila kujitetea, na mwandishi hajaapa kwa jambo ambalo hakulishuhudia.

Ombi nalo lilikuwa mahususi. Hakuomba “marekebisho”, aliomba krediti noti ya shilingi 518,400, au ankara ifutwe na itolewe mpya. Kuikata kalamu nyekundu ankara na kulipa pungufu kungeacha deni la uongo kwenye vitabu vya muuzaji, nalo lingerudi kudaiwa mwisho wa mwaka. Akaongeza kwamba idadi na ubora wa mzigo havina mgogoro, na kwamba siku 30 za malipo zitahesabiwa tangu hati sahihi ipokelewe.

Kama kotesheni ingenyamaza kuhusu kodi, barua hii ingechechemea. Angebaki kuitegemea oda yake mwenyewe, iwapo ilitaja 12,000 pamoja na kodi na muuzaji akaleta mzigo bila kupinga.