Sikio la Fundi wa Transfoma

Pita Mbweni saa mbili usiku katika joto la Januari, viyoyozi vya nyumba zenye kuta ndefu vikiwa vimewashwa, nawe utaisikia transfoma ya mtaa ikivuma juu ya nguzo zake. Mpita njia husikia kelele tu. Fundi aliyeiva husikia maelezo, na ustadi wake wa kuyapambanua ndio ninaousifu hapa.

Fundi huyo anajua kwamba hata transfoma nzima huvuma. Kiini chake ni mabati membamba ya chuma cha silikoni, yaliyopangwa na kubanwa pamoja. Chuma hicho kikishikwa na sumaku hubadilika urefu kidogo mno, na umeme wetu wa hezi 50 hukishika mara mbili katika kila mzunguko, upande huu kisha upande ule. Hivyo kiini hutikisika mara 100 kwa sekunde. Mvumo huo ni mzito na wa sauti moja, na hufuata volti kuliko mzigo. Usiku wa manane, watu wamelala na volti imepanda, transfoma isiyo na kosa lolote yaweza kuvuma kuliko jioni.

Kwa sababu hiyo fundi huanza kwa kuuliza saa. Mvumo ukipanda jioni na kushuka watu wakilala, hushuku mzigo. Nguvu inayozitikisa koili hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Mzigo uliozidi huambatana na joto, kwa hiyo baada ya kusikiliza hutazama kipimajoto cha mafuta, kama kipo, kisha hupima mkondo wa kila fezi.

Sauti ikiwa ya kukwaruza, kama bati linalogongana na bati, na haibadiliki mzigo ukipungua, hushuku kitu kilicholegea. Hakimbilii kulaumu kiini. Huanza na vya nje: bolti za tangi, mapezi ya kupoozea, vyuma vya kushikilia transfoma kwenye nguzo, ambavyo chumvi ya bahari huvila upesi. Vya nje vikiwa imara, ndipo huwaza bolti zinazobana kiini, ambazo huweza kulegea kwa misukosuko ya usafiri au kwa mshtuko wa shoti. Hizo hazikazwi juu ya nguzo. Transfoma huzimwa, hushushwa na kufunguliwa karakana.

Hila ya hamoniki ni kubwa zaidi. Taa za LED, kompyuta, televisheni na inveta za viyoyozi hazinyonyi umeme kwa wimbi laini. Huunyonya kwa vipande, na vipande hivyo huzaa mawimbi ya hezi 150, 250 na kuendelea, yanayoupa mvumo ukali wa juu. Tuchukue mfano wa transfoma ya kVA 100 yenye volti 400. Mkondo wake kamili ni ampia 144 kwa kila fezi. Fundi anapima na kukuta ampia 120 katika kila moja, mzigo ulio sawia na usiozidi. Nyutro ingepaswa kuwa karibu na sifuri, lakini klampu mita yasoma ampia 90. Hesabu ni nyepesi: mawimbi ya hezi 150 ya fezi tatu hayafutani kwenye nyutro, hujumlika, na ampia 30 kutoka kila fezi hufanya 90. Kipimo hicho kinamwambia kwamba transfoma inapata joto kuliko inavyoonyesha mikondo ya fezi, na kwamba waya wa nyutro mwembamba uko hatarini.

Kosa la nne hupatikana zaidi ndani ya nyumba kuliko juu ya nguzo. Stabilaiza iliyotulia yaweza kunguruma ghafla mtu akiwasha kikausha nywele kwa nguvu ya nusu, kisha ikanyamaza akikizima. Baadhi ya vifaa hivyo hupunguza nguvu kwa dayodi moja inayopitisha nusu tu ya wimbi, na hivyo huingiza mkondo mnyoofu. Mkondo huo husukuma sumaku ya kiini upande mmoja, kiini kikashiba katika nusu ya kila mzunguko, na ndani ya mvumo wa hezi 100 hutokea mtikisiko wa hezi 50 ambao haukuwapo. Dawa ni kukitafuta kifaa hicho, kukiondoa, na kuiacha stabilaiza ilivyo.

Ukisikia transfoma ya mtaa wako ikivuma isivyo kawaida, usiikaribie wala kuigusa. Andika saa, sauti yake ilivyo, na kama hubadilika watu wakizima viyoyozi, kisha waarifu TANESCO. Fundi akifika na habari hizo, nusu ya kazi yake imekwishafanyika.