Mtori Uliharibika Kabla ya Moto

Sote tuliotazama fainali ya mapishi Jumamosi tuliona mkono ukienda pasipostahili. Mezani palikuwa na vichana viwili vya mshare, kimoja kibichi kabisa, kingine kimeanza umanjano shingoni. Mpishi akachukua cha pili, eti kitalainika upesi. Kulainika kililainika, lakini mtori ulikuwa umekwisha kabla sufuria haijainjikwa.

Mtori husimama kwa wanga. Ndizi iliyokomaa bila kuiva huwa na gramu 20 hivi za wanga katika kila gramu 100 za nyama yake, na inavyoiva sehemu kubwa ya wanga huo hugeuka sukari. Wanga uliochemka na kupondwa hunyonya supu, huvimba na kushikana. Sukari huyeyuka tu. Ndiyo maana mtori ulitiririka mwikoni, na kila ndizi aliyoongeza ilizidisha utamu kuliko uzito. Dalili ilionekana tangu kumenya: maganda yalichunika kwa vidole, vipande virefu. Mshare wa mtori huhitaji kisu, na mikono hupakwa mafuta kwanza kwa sababu ya utomvu. Wapishi wa zamani wa Moshi wangekitenga kichana kile palepale wakikaange.

Watetezi wake wanasema ndimu na chumvi vingeokoa jahazi. Vingepunguza utamu ulimini, ila visingerudisha wanga uliokwisha kugeuka. Wengine wanakumbusha kwamba ndizi changa nayo ni ya kijani, kwa hiyo rangi pekee si dhamana. Ni kweli: ndizi changa haijajaa wanga, na huonekana kwa kingo zake kali na wembamba wake. Lakini kichana kilichoachwa kilikuwa kimejaa na kingo zake zimeviringana, hivyo hoja hiyo haimwokoi. Waamuzi nao wakasifu “utamu wa asili”. Haishangazi, ndio hao hao wanaovumilia mtori uliosagwa kwa blenda ukavutika kama gundi, wakati mwiko na subira vilitosha siku zote.

Mzuzu wa nazi, chakula chake cha pili siku hiyo, aliuchagua vizuri, wa manjano wenye madoa meusi. Nadhani huko ndiko alikopotelea. Mzuzu hubakiza wanga mwingi hata ukishakuwa wa manjano, ndiyo maana vipande havikuvurugika kwenye tui. Akaichukua kanuni hiyo na kuibebesha mshare, ambao hauna akiba hiyo. Anayepanga vyakula hivyo viwili kwa siku moja anunue mzuzu mapema uive, mshare aununue mwishoni, na asivitie kapu moja, kwani gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi mbivu huziharakisha mbichi. Kombe amepewa, kwa mtori ule, nisingempa.