Kuipima Kutu kwa Mizani

Msumari wa chuma uliolala majini hupoteza chuma chake kidogo kidogo, na kilichopotea hicho kinaweza kupimwa kwa mizani. Msumari hupimwa ukiwa safi, huachwa katika myeyusho kwa siku kadhaa, kisha hutolewa, huondolewa kutu na kupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo chuma kilicholiwa. Jambo lenyewe linasikika jepesi, lakini ugumu wake wote umefichwa katika neno “safi”, ambalo hutajwa mara mbili katika kazi hii na kila mara kwa maana tofauti.

Bujumbura ni mahali pazuri pa kuifanyia kazi hii, kwa kuwa maji ya aina mbalimbali yako karibu: maji ya bomba, maji ya mvua na maji ya Ziwa Tanganyika. Chumvi hupatikana sokoni, siki na chokaa madukani. Misumari hununuliwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ichaguliwe ile isiyopakwa zinki, kwa maana zinki huliwa kwanza badala ya chuma na jaribio zima likawa limepima kitu kingine. Msumari wa inchi tatu una unene wa karibu milimita nne, uzito wa gramu sita hadi saba, na ukichanganya kiwiliwili chake, kichwa na ncha, eneo lake la nje ni kama sentimita 10 za mraba.

Usafi wa kwanza ni wa mafuta. Kiwandani msumari huachiwa utando wa mafuta usioonekana, na utando huo ni kinga tosha kwa siku za mwanzo. Basi husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa kwa sabuni, husuuzwa, huchovywa katika spiriti na kukaushwa. Kuanzia hapo haushikwi kwa vidole vitupu, bali kwa kibanio au karatasi kavu, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole hugeuka kuwa doa la kutu lenye umbo la kidole.

Kabla ya kuutumbukiza inafaa kujua kitakachotokea. Katika maji yasiyo na asidi, chuma hutoa elektroni sehemu moja ya msumari na oksijeni iliyoyeyuka huzipokea sehemu nyingine. Oksijeni isipofika, kazi husimama. Bujumbura iko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto la nyuzi 25 lita moja ya maji hapo hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni, pungufu kidogo kuliko pwani. Glasi ya mililita 200 ina miligramu moja na nusu tu, nayo hutosha kutia kutu miligramu tatu na nusu za chuma hivi. Glasi ikijazwa hadi ukingoni na kufungwa, kutu itasita baada ya siku chache, na mwenye haraka ataandika kwamba maji yale hayali chuma. Kilichoisha si ukali wa maji. Ni hewa yake. Kwa hiyo vyombo vyote viwe vya umbo moja, vinywa wazi, maji ya kina kimoja, na maji yanayopungua kwa mvuke yajaziwe kwa maji ya mvua au yaliyokenekwa, si kwa myeyusho wenyewe, la sivyo chumvi itazidi kukolea kila siku.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayoeleza jambo linalowashangaza wengi. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu sawa na bahari, hula msumari kuliko maji ya mvua, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme kati ya sehemu za msumari na kloridi hutoboa tando za kinga. Lakini ukiongeza chumvi mpaka maji yashindwe kuyeyusha zaidi, kutu hupungua. Chumvi inapojaa majini, oksijeni hukosa nafasi. Kutu hufikia kilele karibu na chumvi asilimia tatu, kisha hushuka.

Maji ya Tanganyika nayo yana tabia yake. Yana chumvichumvi zisizofika gramu moja kwa lita, kloridi kidogo, magnesiamu na kaboneti nyingi, na pH yake huwa karibu 9. Maji ya namna hiyo huelekea kuacha ganda jembamba la madini juu ya chuma. Ushahidi mkubwa wa ziwa hili ni meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa huko. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakaiacha mikononi mwa adui, injini zikiwa zimepakwa grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Haitoshi kusema ziwa lina huruma: grisi ile iliziba njia ya oksijeni na maji, na hiyo ni kinga ya kale kuliko kemia yoyote itakayotajwa hapa chini.

Siki ni habari nyingine. Ndani yake msumari hauhitaji oksijeni ili uliwe, kwa kuwa asidi yenyewe hupokea elektroni na kutoa hidrojeni, ambayo huonekana kama vipovu vidogo vilivyoshikamana na chuma. Msumari wa siki huweza kutoka mweusi au wa kijivu bila wekundu wowote huku umepoteza chuma kingi, ilhali wa maji ya bomba unatoka umevaa joho la rangi ya machungwa na hasara yake ni ndogo. Jicho linaloamua kwa wekundu litakosea hukumu mara zote mbili. Hapo ndipo mizani inapojipatia heshima yake.

Siku zikitimia, huja usafi wa pili, na hapa ndipo wengi huharibu. Msumari ukipimwa na kutu yake, huenda ukawa mzito kuliko mwanzo, maana kutu ina oksijeni na maji ndani yake. Kutu laini hutolewa kwa mswaki; iliyobaki hutolewa kwa myeyusho wa asidi ya ndimu wa moto kiasi, kwa dakika chache, kisha msumari husuuzwa na kukaushwa mara moja. Tatizo ni kwamba dawa inayotoa kutu hula na chuma kizima. Dawa ya jambo hili ni misumari ya kulinganishia, ambayo haikuingia katika jaribio lolote, lakini hupitishwa katika usafishaji huohuo kwa muda uleule. Inachopoteza hutolewa katika hasara ya ile mingine. Bila misumari hiyo jaribio halina maana.

Kuna pia suala la mizani yenyewe. Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01 haiwezi kuaminiwa kwa msumari mmoja uliopoteza miligramu 30. Njia nafuu ni kutumia misumari kumi kwa kila myeyusho, kila mmoja katika glasi yake ya mililita 200, ukining’inizwa kwa uzi wa nailoni wa wavuvi usiguse glasi, halafu kuipima yote kumi pamoja. Tuseme kumi ya maji ya chumvi ilikuwa gramu 66.84, na baada ya siku kumi na kusafishwa ikawa 66.49. Hasara ni 0.35. Misumari kumi ya kulinganishia ilipoteza 0.03 kwa dawa peke yake, hivyo kutu ilikula gramu 0.32, yaani miligramu 320. Kasi yake kwa mwaka hupatikana hivi:

```
kasi (mm/mwaka) = 87.6 × W / (D × A × T)
                = 87.6 × 320 / (7.85 × 100 × 240)
                = 0.15
```

W ni miligramu zilizopotea, D ni uzito wa chuma kwa sentimita ya ujazo, A ni eneo kwa sentimita za mraba, T ni saa.

Sasa kundi jingine liwe katika maji yaleyale ya chumvi yaliyotiwa kizuia kutu, na hasara yake baada ya kutoa ile ya dawa iwe gramu 0.06. Ufanisi ni 0.32 toa 0.06, gawanya kwa 0.32: asilimia 81. Lakini mizani ile ikiwa na shaka ya gramu 0.02 katika hasara ya kundi la pili, ufanisi unaweza kuwa popote kati ya 75 na 88. Anayeandika 81.25 anajisifia kile ambacho mizani yake haikumpa.

Miongoni mwa vizuia kutu rahisi, maji ya chokaa ndiyo mwalimu bora. Chokaa hupandisha pH kupita 12, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba usiopenyeka. Msumari hukaa unang’aa kwa majuma. Ndivyo nondo zinavyosalimika ndani ya zege. Ukitia chumvi ya kutosha kwenye glasi hiyohiyo, utando hutoboka na madoa huanza. Ukiiacha wazi muda mrefu, kaboni dayoksaidi ya hewani hushusha pH na kuacha ukoko mweupe juu ya maji. Maradhi hayohayo mawili ndiyo yanayobomoa nguzo za zege.

Majani ya chai, ambayo Burundi inayo kwa wingi kutoka milima ya Teza na Rwegura, hufaa zaidi kujaribiwa ndani ya siki. Tanini zake hushikamana na chuma na kupunguza mashambulizi ya asidi. Maji hugeuka meusi kama wino, nayo ni wino kweli: chuma kilichoyeyuka kimeungana na tanini. Weusi huo si alama ya kushindwa wala ya kufaulu. Kundi la siki tupu na kundi la siki yenye chai yakipimwa sambamba, mizani itasema.

Nitriti ya sodiamu ina nguvu kuliko hivyo, ila ni sumu, na kwa sura haitofautiani na chumvi ya mezani, hivyo haina nafasi jikoni wala katika chupa ya chakula. Tena ina hila. Ikitiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, hasa penye kloridi, hulinda sehemu kubwa ya msumari na kuiacha kutu ichimbe vishimo vichache. Zile gramu 0.06 zikienea sawasawa ni upungufu usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Zikitoka katika sehemu moja kwa mia ya eneo, ni mashimo ya milimita 0.076, zaidi ya theluthi ya bati la milimita 0.2. Mizani hutoa wastani na haioni shimo. Kwa hiyo kila msumari uliosafishwa hukaguliwa kwa kioo cha kukuzia kabla ya ufanisi wowote kuandikwa, na wenye vishimo huandikwa kando.

Matokeo ya glasi tulivu hayahamishiwi moja kwa moja kwenye mashua au nguzo za ufukweni, ambako mawimbi huleta oksijeni mpya kila dakika na mstari wa maji huliwa kuliko sehemu iliyozama. Anayetaka kujua habari za huko hana budi kuining’iniza misumari yake hukohuko, na anapoandika kasi yake aandike pia siku, joto, eneo na hasara ya misumari ya kulinganishia, ili mwingine aweze kulirudia jaribio na kulipima lake kwa lile.