Potasiamu Haikutoka, Ilihama

Kwenye kikao cha kesi cha Ijumaa wote tuliiona grafu ya potasiamu ya mgonjwa mmoja, na nasema mapema: kuahirisha dayalisisi yake lilikuwa kosa la wazi.

Alifika figo zimeshindwa, mkojo hakuna, potasiamu 7.4, mawimbi ya T yamechongoka na QRS imetanuka. Kalsiamu glukoneti iliingia kwanza, kisha insulini uniti 10 na glukosi gramu 25, kisha salbutamoli ya kuvuta. Kazi safi.

Saa moja baadaye maabara ikasoma 6.1. Hapo zamu ikampigia muuguzi wa dayalisisi: “Dada, mwache kwanza, imeshuka, tutamleta asubuhi.” Imeshuka ikaenda wapi? Insulini huchochea pampu za utando wa seli, zile zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Salbutamoli huzichochea pampu hizo hizo kwa njia yake. Mwilini haikutoka hata milimoli moja. Maabara hupima iliyo kwenye damu, na takribani asilimia 98 ya potasiamu yetu imo ndani ya seli. Nguvu ya insulini huisha baada ya saa nne hadi sita, na iliyofichwa hurudi. Kalsiamu nayo haishushi potasiamu kabisa. Huukinga moyo kwa nusu saa hadi saa moja tu. Namba ile ya 6.1 ilikuwa nafasi ya kumwahisha kwenye mashine, nao wakaitumia kumlaza.

Usiku wa manane ilisoma 7.0, T zimechongoka upya, na sukari 2.6, maana figo zilizoshindwa huchelewa kuiondoa insulini. Alisafishwa damu alfajiri kwa saa nne, potasiamu ikatulia 4.8.

Mmoja wa zamu ile akajitetea kwamba walimpa resini. Nimelipinga hili miaka yote na sitachoka: resini hunasa potasiamu utumboni, kwa saa nyingi, na QRS iliyotanuka haisubiri. Furosemidi nayo inahitaji figo zinazotoa mkojo.

Willem Kolff, kule Kampen, Uholanzi, alitengeneza figo yake ya bandia mwaka 1943 kwa mirija ya selofani, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Wagonjwa wake wa mwanzo wengi walifariki, mpaka mwaka 1945 mama wa miaka 67 alipopona. Alijua kilichozidi lazima kitolewe. Leo mashine ipo ghorofa ya chini, tunaiacha imezimwa.

Kasoro hiyo hiyo ya kusahau kwamba potasiamu huhama naiona kwenye potasiamu ya chini: kloridi ya potasiamu inawekwa kwenye dripu ya dekstrosi. Sukari huamsha insulini ya mgonjwa, na potasiamu huzidi kushuka. Tumieni salaini, milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono, na pimeni magnesiamu. Ikiwa pungufu, figo zitaendelea kuimwaga potasiamu.

Wakuu wa zamu, mgonjwa asiye na mkojo asifutiwe dayalisisi kwa kipimo cha saa moja baada ya insulini.