Kusoma picha ya kitanda kabla ya kufunga sanduku

Mtu wa Kwedizinga anayekwenda Maskati kwa mwezi mmoja kuwaona ndugu hutandaza vitu vyake kitandani, hupiga picha, kisha humtumia mpwa wake aliye huko: nipunguze nini? Mpwa anayejua kazi hii huanza kwa kuihukumu picha yenyewe. Nguo zilizorundikwa humwonyesha ile ya juu tu, kwa hiyo atamwomba shangazi avute pazia, apande kiti, apige upya kutoka juu, kila kitu kikiwa peke yake.

Picha ikisomeka, jicho liende kwanza kwenye viatu. Tuseme ziko jozi tano, tatu kati yake kobazi za kutembelea. Mbili zitoke. Kwa nguo, angalia kila mtandio unafuatana na madera mangapi. Unaofuatana na dera moja tu unakula nafasi bure. Halafu tafuta kisichoonekana. Shangazi amezoea joto la Handeni na hakutandaza sweta, ilhali usiku wa Januari Maskati huwa na ubaridi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo picha inapowadanganya, kwa sababu inaonyesha ukubwa wa kitu na kuficha uzito wake. Pembeni ya mto kuna dumu la asali la lita tano. Kitandani ni dogo kuliko lundo la khanga, lakini lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo dumu lile ni kilo 7. Ikiwa tiketi inaruhusu kilo 23 na sanduku tupu lina kilo 4, zimebaki 12 kwa nguo, viatu na zawadi zote. Abebe lita mbili, ataokoa kilo zaidi ya 4. Khanga nazo asizikisie: apime doti moja kwenye mizani ya dukani, azidishe.

Asali hiyo lazima iende ndani ya sanduku, maana mkobani vimiminika kwa kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chupa. Asijaze hadi mdomoni. Kifuniko kifungwe kwa selotepu, chupa ivikwe mifuko miwili, isimamishwe upande wa magurudumu ikizungukwa na madera. Pawabanki inayoonekana kando ya chaja hufuata njia ya kinyume: ni marufuku kwenye sanduku la kukabidhi, kwa hiyo iende mkobani pamoja na dawa na pasipoti.

Vikishapungua, apige picha ya pili na kuihifadhi kwenye simu. Sanduku likipotea, ndiyo atakayoifuata akiorodhesha vilivyokuwemo mbele ya wahudumu wa shirika la ndege. Ile ya kwanza aifute, isije ikamfanya adai kobazi zilizobaki nyumbani.