Mbuzi sita za mapatano

Katika ndoa moja ya hapa Bukavu, mapatano na mama mupishi yalisema hivi: watu 250, mbuzi sita, bugali, wali na sombe, chakula kiwe mezani saa nane. Tuseme haki: saa nane vyungu vilikuwa tayari, sombe ilikuwa tamu, na vichwa vya mbuzi tulivihesabu, vilikuwa sita kweli. Lakini meza za mwisho, za wakwe, zilipata muchuzi mutupu. Wazee wakatazamana, hakuna aliyesema neno.

Kosa liko wapi? Mbuzi mukubwa anaweza kutoa kilo 12 za nyama na mifupa. Sita ni kilo 72. Zile zilikuwa changa. Muchinjaji alituambia kesho yake: kilo saba saba, ni kusema 42 tu. Kila sahani ilipata gramu 168 mbichi, na moto unapunguza tena.

Mama alishika maandishi, hakushika ahadi. Sisi nasi, upande wa kijana, tuliandika vichwa bila kilo. Ndoa ijayo tuandike kilo, nyama ipimwe asubuhi mbele ya pande mbili, na pesa ya mwisho itoke wakwe wakiisha kula.