Mikunjo na Mipasuko ya Manyara

Kusini mwa genge la Ziwa Manyara, nchini Tanzania, miamba ya kale ya naisi ina mistari myeupe na myeusi iliyojikunja. Mikunjo hiyo imekatwa na mipasuko iliyonyooka. Ni mwamba uleule. Kilichobadilika ni mazingira ulimokandamizwa.

Mikunjo ilitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mwamba ulipokuwa chini sana ardhini na mabara yalipokuwa yakisukumana. Kwatzi huanza kulegea kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, joto linalopatikana kwa kawaida kilomita 10 hadi 15 chini. Huko uzito wa miamba ya juu hubana nyufa zisifunguke, na mkazo wa pole pole huzipa chembe nafasi ya kujipanga upya bila kukatika. Sukari guru hufanya vivyo hivyo: ikiwa ya moto huvutika, ikipoa hupasuka. Hata hivyo, si kila tabaka hulegea kwa wakati mmoja. Mara nyingine utepe mweusi mgumu hukatika vipandevipande, huku naisi inayouzunguka ikitiririka kujaza nafasi.

Mipasuko ni ya baadaye sana. Mmomonyoko ulikwisha kuuleta mwamba karibu na uso wa nchi, ukiwa umepoa, na Bonde la Ufa lilipoanza kutanuka haukuweza tena kunyumbuka. Katika ardhi inayotanuliwa, mkazo mkubwa kuliko yote ni uzito unaoelekea chini. Mwamba hukatika kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka kwenye mkazo huo, ndiyo maana mipasuko ya aina hii huinama kwa takriban nyuzi 60 na upande mmoja huteleza kushuka. Nyufa ndogo nazo hufunguka kuelekea upande wenye mkazo mdogo, bila pande zake kuteleza.

Ustadi wa mjiolojia uko katika kutofautisha nyufa na mipasuko kwa dira, kipima mwinamo na subira. Tabaka likivuka ufa bila kuhama, huo ni ufa tu. Likihama, ni mpasuko. Michirizi kwenye uso uliosuguliwa huonyesha mwelekeo wa kuteleza, ingawa mara nyingi ni wa mara ya mwisho tu. Mtego mkubwa ni miamba iliyokatwa kwa baruti kando ya barabara: nyufa zake hutawanyika kutoka kwenye tundu la baruti, na nyuso zake ni safi, hazina kutu wala madini yaliyojijenga ndani.

Kina chenyewe nacho hakiaminiki kupita kiasi kama dalili ya mwamba kukunjika au kukatika. Chini ya eneo la Manyara kumepimwa matetemeko yaliyoanzia kina cha zaidi ya kilomita 20, mahali ambapo kwatzi ingepaswa kuwa imelegea. Miamba ya huko huenda ina kwatzi kidogo na maji kidogo, hivyo hubaki migumu hata kwenye joto kali.